Marehemu Ameacha Mkopo Benki: Maswali ya Warithi Kuhusu Bima ya Mkopo

Maswali haya ni yale ambayo familia huniuliza wakija na bahasha ya karatasi za marehemu mkononi. Nilikaa dawati la mikopo miaka mingi kabla ya kuanza kusaidia watu wa mirathi, na majibu yanahusu Tanzania Bara. Kenya nimeigusa kidogo kuelekea mwisho.

Bima ya mkopo ni kitu gani, na tutajuaje kama marehemu alikuwa nayo?

Ni bima ya maisha iliyofungwa kwenye deni. Mkopaji akifariki, kampuni ya bima inalipa salio la mkopo kwa aliyekopesha, na mali aliyoweka dhamana inaachiliwa. Mara nyingi ni bima ya kikundi: benki ina mkataba mmoja na kampuni ya bima, na kila anayekopa anaingizwa humo. Ndiyo maana wakopaji wengi hufa bila kujua kwamba walikuwa nayo, na wajane wengi huuza kiwanja kulipa deni ambalo lilikwisha kukatiwa bima.

Usiulize ndugu kama wanakumbuka. Tafuta taarifa ya akaunti ya siku mkopo ulipoingia. Ikiwa alikopa shilingi 18,000,000 na zikaingia 17,500,000, angalia hiyo tofauti ilikwenda wapi. Kutakuwa na ada ya kushughulikia mkopo, na chini yake mstari ulioandikwa kitu kama `INS PREM`, `CREDIT LIFE` au `LOAN INSURANCE`. Huo mstari ni ushahidi wenu. Uzungusheni kwa kalamu nyekundu, mpige picha, mtoe nakala.

Baada ya hapo soma barua ya ofa ya mkopo, ile aliyosaini kila ukurasa. Huwa na kipengele cha bima kinachotaja ni nani anayelipia na inahusu nini: kifo tu, au kifo pamoja na ulemavu wa kudumu. Hapo pia utaona kama kuna bima nyingine ya moto kwa nyumba au duka. Watu huzichanganya. Bima ya moto haifuti deni la aliyekufa kwa ugonjwa.

Anayedai ni sisi au ni benki?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua mengine yote. Mwenye mkataba na kampuni ya bima ni benki, na fedha zinalipwa benki. Kwa hiyo fomu ya madai inajazwa na kupelekwa na benki. Ninyi mnaleta taarifa ya kifo na nyaraka.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Benki ina dhamana mkononi. Afisa mikopo anayefuatilia marejesho yaliyochelewa huenda hajui kabisa kwamba mteja amefariki, na mwenzake anayeshughulikia bima yuko makao makuu. Mkopo unaingia kwenye orodha ya wasiolipa, na mfumo unatoa notisi kama kawaida. Nimeona faili moja likiwa na notisi ya kuuza nyumba juu na nakala ya cheti cha kifo chini yake, vyote vimepigwa muhuri wa kupokelewa na tawi lilelile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakukuwa tu na mtu wa kuunganisha karatasi mbili.

Kazi ya mrithi basi ni kuhakikisha benki inadai, na kuwa na maandishi yanayoonyesha siku aliyoitaka ifanye hivyo.

Tumezika juzi. Tuwaambie benki lini?

Ndani ya wiki ya kwanza baada ya mazishi, hata kama cheti cha kifo hakijatoka. Mikataba ya bima huweka muda wa kutoa taarifa, na kwa baadhi muda huo ni mfupi, kama siku 90. Kutoa taarifa ni tofauti na kukamilisha madai. Taarifa inahitaji barua na kibali cha mazishi tu. Vingine vitafuata.

Kwenye mazishi yetu kuna lile tangazo la msemaji wa familia: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, awaone wanafamilia. Benki haiji makaburini. Mwenye kujua habari ya mkopo aseme siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya arobaini watu wanatawanyika na karatasi zinapotea.

Na naomba hili lisikike vizuri: msifiche kifo. Familia nyingine huogopa kwamba benki ikijua itakimbilia nyumba, basi wanaendelea kutumia kadi ya marehemu kutoa mshahara au kupeleka marejesho kimya kimya kwa simu yake. Miezi minane baadaye fedha zinakwisha. Wakienda benki, kampuni ya bima inauliza kwa nini akaunti ya mtu aliyekufa Februari ilitumika mpaka Oktoba, na madai ambayo yangelipwa bila maneno yanageuka uchunguzi.

Barua ya taarifa iandikweje?

Fupi, yenye vitu vinavyoweza kutafutwa kwenye mfumo. Mfano:

"Kwa Meneja wa Tawi. Tunakujulisha kifo cha mteja wako (jina kamili, namba ya akaunti, namba ya mkopo) kilichotokea tarehe fulani, mahali fulani. Kwa mujibu wa mkataba, mkopo huu ulikatiwa bima ya maisha, na ada ya bima ilikatwa tarehe fulani kama inavyoonekana kwenye nakala tuliyoambatisha. Tunaomba: (1) uijulishe kampuni ya bima na utupe jina la kampuni hiyo na namba ya madai, (2) utupe taarifa ya mkopo inayoonyesha salio la siku ya kifo, (3) usimamishe hatua za kukusanya deni na za kuuza dhamana hadi madai yatakapoamuliwa, (4) utuandikie orodha ya nyaraka zinazotakiwa."

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mnarudi nayo nyumbani. Mkiambiwa "tumesikia, tutawapigia", msiondoke bila muhuri. Mkishajua kampuni ya bima, pelekeni nakala huko pia moja kwa moja. Haitawalipa ninyi, lakini itakuwa na kumbukumbu kwamba kifo kiliripotiwa.

Nyaraka gani zitatakiwa?

Cheti cha kifo kutoka RITA ndicho kikuu. Pamoja nacho huombwa kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu, barua ya Serikali ya Mtaa au ya kijiji, na taarifa ya hospitali inayotaja sababu ya kifo. Akiwa amekufa kwa ajali, ongezeni taarifa ya polisi na ya uchunguzi wa maiti. Benki yenyewe inaongeza mkataba wa mkopo, taarifa ya mkopo na fomu ya bima aliyojaza.

Hakikisheni majina yanafanana. Mkopo una majina matatu, cheti cha kifo kina mawili, kitambulisho kina jina la ubatizo ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Hilo peke yake huchelewesha madai kwa wiki nyingi. Dawa yake ni hati ya kiapo ya majina, na ni afadhali iandaliwe mapema kuliko kusubiri kurudishwa.

Kwa aliyefia nyumbani, hasa kijijini, taarifa ya hospitali haipo. Ombeni kwa maandishi benki iwaambie watapokea nini badala yake. Kwa kawaida ni maelezo ya mtendaji wa kijiji, na kumbukumbu za zahanati aliyokuwa akitibiwa.

Ni lazima tuwe na msimamizi wa mirathi kwanza?

Kwa kutoa taarifa ya kifo, hapana. Mjane, mtoto au kaka anaweza kupeleka barua. Hata malipo ya bima kwenda benki kwa kawaida hayasubiri mirathi, kwa kuwa mlipwaji ni benki.

Lakini mtakwama bila msimamizi katika mambo mengine. Benki inaweza kukataa kutoa taarifa ya akaunti kwa sababu ya siri ya mteja. Hati ya nyumba hairudishwi kwa mtu yeyote tu. Na mkilazimika kwenda mahakamani kuzuia mnada, swali la kwanza litakuwa mnasimama kwa mamlaka ya nani. Kwa hiyo anzeni mapema: kikao cha familia au ukoo, muhtasari wenye sahihi, halafu maombi Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni. Mkopo huo uandikwe kwenye madeni, na maelezo kwamba una bima. Msiandike deni tupu.

Bima italipa deni lote?

Si lazima, na hapa ndipo familia nyingi hushtuka. Bima nyingi za aina hii hulipa salio ambalo lingekuwepo siku ya kifo kama marehemu angekuwa amelipa kila rejesho kwa wakati. Malimbikizo ya kabla ya kifo, pamoja na adhabu zake, huachwa nje. Nitapiga hesabu moja ili ionekane.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro amekopa shilingi 18,000,000 kwa miezi 36, riba asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Rejesho lake ni kama 650,700 kila mwezi. Amelipa marejesho 14 bila tatizo. Anaumwa, la 15 na la 16 hayakulipwa, kisha anafariki siku chache baada ya tarehe ya rejesho la 16.

Siku hiyo, kwa vitabu vya benki, anadaiwa kama 12,484,000. Kama angekuwa amelipa yote 16, salio lingekuwa 11,172,000, na hicho ndicho kiasi ambacho bima italipa. Tofauti ya 1,312,000 ni yale marejesho mawili na riba yake. Inabaki kuwa deni la mirathi.

Sasa tuseme mjane hajui habari ya bima, na benki hawajui habari ya kifo. Miezi mitatu inapita. Riba imeongeza kama 570,000, na deni kwenye mfumo linasoma 13,054,000 bila kuhesabu adhabu. Bima inakuja kulipa zile 11,172,000, na benki inamwandikia mjane kwamba anadaiwa 1,882,000 zaidi.

Katika barua hiyo kuna vitu viwili tofauti, naye avitenganishe. Zile 1,312,000 ni deni la marehemu kweli. Zile 570,000 ni riba ya baada ya kifo, na sehemu kubwa yake, kama 510,000, imezaliwa na fedha ambazo ni za kampuni ya bima kulipa. Hapo pana nafasi ya kuzungumza. Asome kwanza mkataba wa bima, maana baadhi hugharamia riba ya miezi michache baada ya kifo. Halafu aombe benki kwa maandishi ifute riba ya tangu siku ya kifo, na aweke mezani mpango wa kulipa malimbikizo. Mabenki hukubali jambo hili mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu fedha kubwa wameshaipata. Lakini ombi linakuwa na nguvu pale familia ilipotoa taarifa mapema na ucheleweshaji ukawa wa benki.

Huyu mama, kwa kunyamaza miezi mitatu, amejipunguzia nguvu hiyo. Ndiyo sababu nasisitiza ule muhuri wa wiki ya kwanza.

Kuna pia bima ambazo kiasi chake hakipungui: mtu alikatiwa 18,000,000 mpaka mwisho. Deni likishafutwa, kinachobaki ni cha warithi. Ulizeni, kwa sababu hakuna atakayewakumbusha.

Tuendelee kulipa marejesho wakati tunasubiri?

Familia nyingi huchukua fedha za rambirambi na kuwahi rejesho la mwezi ili nyumba isiguswe. Nauelewa moyo huo. Ila kama mkopo ulikuwa haudaiwi nyuma na bima ipo, mnalipa deni ambalo bima italilipa. Ushauri wangu ni kutoa taarifa, kuomba kusimamishwa kwa makato, na kutunza fedha hiyo. Kama kuna malimbikizo ya kabla ya kifo, hayo mnaweza kuyalipa, na kwenye stakabadhi iandikwe "malimbikizo ya kabla ya kifo".

Mkiwa mmeshalipa, msikate tamaa. Bima inalipa salio la siku ya kifo, hivyo mlichotoa baadaye ni cha ziada. Dai lenu ni kurudishiwa, mwezi kwa mwezi, kwa stakabadhi.

Afisa mikopo ametuletea mkataba mpya ili "mkopo uhamie" kwa mama. Asaini?

Asisaini mpaka madai ya bima yajibiwe kwa maandishi. Deni la marehemu hulipwa kutoka mali ya marehemu. Mjane au mtoto hawi mdaiwa kwa mali yake mwenyewe kwa sababu tu ni ndugu, labda kama alisaini kama mkopaji mwenza au mdhamini. Akisaini mkataba mpya, anakuwa mkopaji mpya, yu hai, na bima ya marehemu haimhusu tena. Mara nyingi karatasi hiyo huletwa kwa upole, ikiitwa "kupunguza mzigo wa rejesho". Muulizeni aliyeileta jambo moja: madai ya bima yamefikia wapi, na namba yake ni ipi?

Kuna sahihi nyingine ya zamani inayofaa kutazamwa. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kama mama hakuwahi kuridhia, au sahihi si yake, mwelezeni wakili. Ni hoja inayosimama yenyewe, mbali na ya bima.

Notisi imefika. Tuna muda gani kabla nyumba haijauzwa?

Kwa ardhi iliyowekwa rehani, Sheria ya Ardhi inataka benki itoe notisi ya kushindwa kulipa, na siku 60 zipite tangu mdaiwa aipokee, ndipo haki ya kuuza itumike. Baada ya hapo, mnada wa ardhi unahitaji tangazo la hadhara la siku zisizopungua 14. Kwa hiyo tangu notisi iguse mkono wa familia mna kama miezi miwili na nusu. Inaonekana mingi, lakini kwa madai ambayo hayajaanza ni michache sana.

Siku ya kwanza tazameni notisi imeandikwa jina la nani na imekabidhiwa kwa nani. Notisi iliyoelekezwa kwa mtu aliyekufa, wakati benki imeshapokea taarifa ya kifo, ni hoja ya kumpelekea wakili. Andikeni nyuma yake tarehe na saa mliyoipokea. Kisha jibuni ndani ya wiki hiyo, mkiambatisha barua yenye muhuri na namba ya madai.

Mkikaribia siku ya 60 bila jibu, msisubiri huruma. Msimamizi wa mirathi, kupitia wakili, anaomba zuio la muda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, kwa hati ya dharura. Kitakachowasaidia huko ni karatasi: ada ya bima ilikatwa, kifo kiliripotiwa tarehe fulani, benki haijawasilisha madai au kampuni ya bima haijajibu.

Fanyeni hivyo kabla ya nyundo kushuka. Sheria ya Ardhi inamlinda aliyenunua kwa nia njema kutoka kwa mkopeshaji. Nyumba ikishauzwa, kinachobaki mara nyingi ni kuidai benki fidia, na watoto tayari wamehama.

Gari, mashine na bidhaa ni habari nyingine. Huko hakuna zile siku 60 za ardhi, bali masharti ya mkataba wenyewe, nayo ni mafupi. Kama dhamana ni pikipiki au gari, barua ya taarifa ipelekwe kesho asubuhi.

Kampuni ya bima imekataa. Ndiyo basi?

Hapana. Kwanza ombeni sababu kwa maandishi, pamoja na nakala ya kifungu walichotumia. Sababu ninazokutana nazo zaidi ni tatu.

Ya kwanza ni ugonjwa uliokuwepo kabla. Kwa mikopo midogo, benki nyingi hazimpimi mtu wala kumuuliza lolote. Kwa mikopo mikubwa kuna fomu ya afya. Ombeni nakala ya fomu hiyo. Kama hakuna fomu aliyojaza, semeni hivyo: hakuna aliyemuuliza, basi alificha nini? Kama ipo, tazameni mwandiko. Nimewahi kuona fomu ambayo majibu yote ya "hapana" yalitiwa alama kwa kalamu ya bluu, na sahihi ya mteja ilikuwa ya kalamu nyeusi, iliyotiwa siku tofauti. Kama aliulizwa na akaficha ugonjwa aliokuwa akitibiwa, mna kazi ngumu, na ni haki niwaambie hivyo.

Ya pili ni ada kutofika. Benki ilimkata mteja lakini haikupeleka fedha, au jina lake halikuingia kwenye orodha ya mwezi inayotumwa kwa bima. Hutokea hasa pale mtu alipoongeza mkopo juu ya mkopo: bima ya kwanza ikafungwa pamoja na mkopo wa kwanza, ya pili haikusajiliwa. Hili si kosa la marehemu. Benki iliyochukua ada na kukaa nayo haiwezi kugeuka na kuuza nyumba yake kwa sababu bima haikuwepo. Elekezeni madai kwa benki yenyewe, ile nakala ya mstari uliozungushwa kalamu nyekundu ikiwa juu.

Ya tatu ni muda: mtu amejiua ndani ya kipindi cha mwanzo kilichotajwa kwenye mkataba, au umri wake umezidi ukomo, au taarifa imechelewa. Kuhusu kuchelewa, elezeni sababu kwa kiapo. Mjane ambaye hakuwahi kupewa nakala ya bima ana sababu ya kusikilizwa.

Tulalamike wapi?

Anzeni na benki na kampuni ya bima kwa maandishi, kwa sababu huko mbele mtaulizwa kama mlifanya hivyo. Kampuni ya bima ikikataa au kunyamaza, mamlaka inayoisimamia ni TIRA, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya migogoro ya wateja kama hii. Tatizo likiwa ni benki, yaani haikuwasilisha madai au inataka kuuza huku madai yako wazi, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Malalamiko hayasimamishi mnada yenyewe. Kama siku zinakwisha, yaende sambamba na ombi la zuio.

Marehemu alikuwa mtumishi, mkopo ulikatwa kwenye mshahara. Kuna tofauti?

Hatari hapa ni kulipa mara mbili. Mwajiri au mfuko wa pensheni unaweza kuwa na maelekezo ya kukata deni kwenye mafao ya mwisho, na wakati huo huo bima imelipa. Kabla ya kusaini fomu ya mafao, ombeni benki barua inayosema salio ni kiasi gani baada ya bima. Ikiwa makato yamefanyika, dai la kurudishiwa ni la mirathi.

Na mikopo ya SACCOS, vikundi na simu?

SACCOS nyingi zina mfuko wao wa kinga ya mikopo au bima ya kikundi. Someni masharti, na msikubali akiba na hisa za marehemu zitumike kulipa deni kabla ya kujibiwa kuhusu kinga hiyo. Wadhamini nao wana haki ya kuuliza, kwa kuwa ndio watakaokatwa. Kwenye vikundi vya mtaani mara nyingi hakuna bima, kuna makubaliano ya wanachama tu. Kwa mikopo ya simu, tafuteni kwenye masharti neno bima. Mara nyingi halimo.

Tuko Kenya. Utaratibu ni huu huu?

Mwenendo wa bima ni uleule, siku ndizo tofauti. Kwa ardhi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha kasoro, kisha notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza. Dalali naye ana notisi yake kwa mujibu wa kanuni za madalali. Malalamiko ya bima yanakwenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

Bima imelipa. Tumemaliza?

Bado. Kuna karatasi tatu za kuchukua. Barua ya benki inayosema mkopo umefungwa na salio ni sifuri. Hati halisi ya nyumba au kiwanja, si nakala. Na hati ya kuachilia rehani, ambayo inapelekwa kwa Msajili wa Hati ili alama ya rehani iondolewe kwenye daftari. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Miaka sita baadaye mtoto anataka kuhamisha jina, anapekua daftari la ardhi na kukuta benki bado imeandikwa juu ya kiwanja cha baba yake, tawi lilishafungwa na afisa aliyekuwa na faili alishastaafu. Chukueni zote tatu siku moja, msimamizi wa mirathi asaini kupokea, na kwenye ile orodha iliyopelekwa mahakamani deni liandikwe kuwa limelipwa na bima.